Jinsi ya kumwandikia mhadhiri barua kuhusu picha ulizohariri kwenye jalada la mavazi

Mhadhiri wa mitindo anapofungua jalada lako, anachosahihisha ni nguo: mkato wake, mishono yake, namna kitambaa kinavyoanguka mwilini. Picha ni dirisha tu. Kwa hiyo barua ya kueleza uhariri ina kazi moja, nayo ni kumwonyesha ni wapi picha inaonyesha nguo ilivyo, na ni wapi inaonyesha nguo ambayo haipo. Nimehariri picha za majalada ya wanafunzi wengi, na barua dhaifu ninazoziona huwa zinataja programu na vifaa vyote vilivyotumika, halafu hazisemi nguo yenyewe ikoje.

Hatua ya 1: Tafuta picha za asili kabla ya kuandika neno

Usiandike kwa kumbukumbu. Fungua faili la kazi lenye safu zake (kwenye Photoshop huwa ni .PSD), kisha zima safu moja moja kwa kubofya alama ya jicho na uandike kila kinachobadilika. Kama umebakiwa na JPG ya mwisho tu, mwombe mpiga picha faili lililotoka kwenye kamera. Mwambie asilitume WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa na taarifa za kamera hupotea. Alitume kama faili.

Hatua ya 2: Tenganisha uhariri wa picha na uhariri wa nguo

Kwa kila badiliko jiulize: mtu akiishika nguo hii mkononi, ataona tofauti na alichokiona kwenye picha? Kurekebisha mwanga, kuondoa ukuta wa nyuma, au kurudisha rangi ya kitambaa iliyogeuka njano kwa sababu ya taa, huo ni uhariri wa picha. Sentensi moja inautosha wote.

Uhariri wa nguo ni kitu kingine, na hapa ndipo barua inapohitaji nafasi. Kubana kiuno kwa Liquify, zana ya Photoshop ya kuvuta na kusukuma sehemu za picha, kunadai kwamba mkato wako unakaa vizuri mwilini. Kufuta mikunjo pembeni mwa zipu kunaficha mshono uliovuta. Kubadilisha rangi ya sketi moja ili ionekane sketi tatu kunadai kazi ambayo hujaishona. Kuvalisha gauni la pamba sura ya satini ndiko kuzito kuliko yote, kwa sababu satini huanguka tofauti na pamba. Hapo umeonyesha vazi jingine kabisa.

Kuna moja ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halikufanyika kwenye kompyuta: vibanio na pini za mgongoni. Katika picha za kuuzia nguo ni jambo la kawaida kukaza nguo kwa nyuma ili mbele ikae sawa. Katika jalada linalosahihishwa kwa mkato, liandike kama ungeandika Liquify, maana matokeo ni yaleyale.

Na usijidanganye kwamba haitaonekana. Kiuno kilichovutwa huvuta na nyuzi za kitambaa: mistari hupinda mahali ambapo hakuna mkunjo, na wakati mwingine hata ukingo wa mlango ulio nyuma ya mwanamitindo hupinda nao. Kitambaa cheupe kilichogeuzwa cheusi kwenye kompyuta mara nyingi hubaki na vivuli vya kitambaa cheupe. Mtu aliyekaa na vitambaa miaka mingi huyaona hayo upesi.

Hatua ya 3: Ipime nguo

Barua isiyo na vipimo hubaki na maneno kama "kidogo" na "kiasi". Chukua futi ya kamba. Tuseme gauni la kitani la ukurasa wa 4 lina kiuno cha sentimita 74, na kiuno cha mwanamitindo ni 68. Ukiacha sentimita 2 za nafasi ya kupumua, gauni limezidi kwa sentimita 4. Hizo 4 ndizo zilizofichwa kwenye picha, na ndizo mhadhiri anazotaka kuzijua.

Hatua ya 4: Andika, ukianza na zito

Kishawishi ni kuanza na mwanga na rangi, kisha kiuno kipite kimyakimya katika aya ya nne. Geuza mpangilio huo. Achana pia na "husika na kichwa cha habari hapo juu", kichwa kimeshasomwa. Mfano wa barua kwa jalada lenye kasoro tatu:

> YAH: PICHA ZILIZOHARIRIWA KATIKA JALADA LA MAVAZI
>
> Mwalimu,
>
> Naomba kukueleza kurasa tatu za jalada langu ambazo picha zake zimehaririwa zaidi ya mwanga na rangi.
>
> Ukurasa wa 4, gauni la kitani: nilikibana kiuno kwenye kompyuta. Gauni lina sentimita 74 kiunoni, na limezidi mwili wa mwanamitindo kwa takriban sentimita 4 baada ya kuacha nafasi ya kuvaa. Chanzo ni patani: nilikata kwa kipimo cha mwanamitindo wa awali, na aliyepigwa picha ni mwingine.
>
> Ukurasa wa 7, sketi ya marinda: nimeshona moja tu, ya bluu. Ya kijani na ya udongo ni picha ileile iliyobadilishwa rangi. Nilizikusudia kama mapendekezo ya rangi, lakini sikuandika hivyo.
>
> Ukurasa wa 9: mandhari ya nyuma imetoka kwenye picha ya mtu mwingine, na sikuwa na ruhusa yake. Nguo na mwanamitindo ni wa picha yetu.
>
> Picha zilizobaki zimerekebishwa mwanga na rangi pekee. Nimeambatisha picha za asili za kurasa hizo tatu. Naomba kuweka picha ya asili ukurasa wa 4, kuandika "mapendekezo ya rangi" ukurasa wa 7, na kuondoa mandhari ukurasa wa 9. Gauni na sketi ninaweza kuvileta uvikague.
>
> Wako mtiifu,

Angalia aya ya gauni. Inataja kilichofanyika, ukubwa wake, na chanzo chake katika ushonaji. Chanzo ndicho kinachomwezesha mhadhiri kukupa alama za patani au kuzikata kwa haki. Ukiandika "nilitaka picha ipendeze" utakuwa umesema jambo la kweli lisilomsaidia.

Ukurasa wa 9 una tatizo la aina nyingine. Nguo haikuguswa, lakini picha ina mwenyewe, na kutaja jina lake hakumaanishi amekuruhusu. Ukiomba ruhusa akakubali, ambatisha jibu lake. Asipojibu, mandhari iondoke.

Hatua ya 5: Panga viambatisho na maelezo ya chini ya picha

Weka picha ya asili na iliyohaririwa ubavu kwa ubavu, kwa ukubwa mmoja, kwa kila ukurasa uliotajwa. Majina ya faili yafuate kurasa:

```
uk04_asili.jpg
uk04_imehaririwa.jpg
```

Kisha rudi kwenye jalada lenyewe, maana barua inaweza kubaki kwa mhadhiri mmoja wakati jalada linapita kwa wasahihishaji wengine. Chini ya sketi andika: "Imeshonwa kwa bluu. Kijani na udongo ni mapendekezo ya rangi, hazijashonwa." Herufi ziwe na ukubwa uleule wa maelezo mengine ya ukurasa.

Mpiga picha akisema alishafuta faili za asili, liandike hilo waziwazi kwenye barua, kisha litundike gauni kwenye sanamu la fundi na ulipige picha upya, mbele na mgongoni, kwa simu na bila kuhariri. Picha hiyo haitapendeza, lakini pengo la kiunoni litaonekana na vipimo vyako vitaweza kuhakikiwa.