Kubadili nembo kwenye shati lenye mikunjo

Kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar ilibadili nembo wiki chache baada ya madereva kupigwa picha na sare za zamani. Nikaletewa picha zile: mashati ya kijivu hafifu, nembo kifuani kushoto, na mkunjo unaoshuka kutoka begani ukiikata katikati. Nembo mpya ni ya kijani iliyokoza. Natumia Photoshop.

Kwanza futa nembo ya zamani yote, kwenye leya ya nakala. Fuata mkunjo kwa Clone Stamp: chukua kitambaa cha juu kwenye mstari uleule wa kivuli, ushuke nacho. Healing Brush ukingoni mwa herufi huvuta rangi yake na kuacha doa. Usiruke hatua hii, kwa sababu ramani ya mikunjo inatoka kwenye picha hii. Herufi zikibaki, nembo mpya itajipinda kwa kufuata herufi za zamani.

Sasa tengeneza ramani. Fungua Channels, chagua Green, bofya Duplicate Channel na kwenye Document weka New. Badili faili hilo kuwa Grayscale. Photoshop husoma kijivu cha 128 kama "usisogeze". Kilicho cheupe au cheusi zaidi ndicho kinachosogeza. Shati langu lilisoma karibu 190, kwa hiyo kwenye Levels nilisukuma kitelezi cha katikati kuelekea kulia hadi sehemu iliyolala ikakaribia 128. Kisha Gaussian Blur ya pikseli 3, na save kama `ramani.psd`.

Rudi kwenye picha, weka nembo mahali pake na uiinamishe kifua kinapoinama. Halafu:

```
Filter > Distort > Displace
Horizontal Scale: 8
Vertical Scale: 8
```

Chagua `ramani.psd`. Kwa 100 sehemu nyeusi kabisa husogea pikseli 128, hivyo 8 ni kama pikseli 10 tu. Mwisho weka leya kwenye Multiply, vivuli vipenye.

Swali, kutoka Mbagala: Kaka, kingo za herufi zangu zinatoka kama msumeno. Nakosea wapi?

Ramani yako bado ina nyuzi za kitambaa, ndugu yangu. Ongeza Gaussian Blur mpaka nyuzi zipotee na mkunjo ubaki.

Swali: Shikamoo fundi. Nembo yangu ni nyeupe, nikiweka Multiply inapotea.

Marahaba. Iache Normal. Juu yake weka nakala ya shati lililosafishwa, itoe rangi, ibane kwenye nembo kwa Create Clipping Mask, uiweke Multiply. Ing'arishe kwa Levels mpaka sehemu iliyolala iwe nyeupe, vivuli tu vibaki.

Swali: Na mkunjo ukiwa mkubwa, kitambaa kimelalia kitambaa?

Displace hupinda tu, haifichi. Nembo itapita juu ya mkunjo bila kukatika, na jicho litagundua mara moja. Ikate vipande viwili kwenye mstari wa mkunjo, kipande cha chini kisogeze kidogo kuingia ndani, kisha ufiche kwa maski kilichomezwa na kitambaa.