Mchungwa ukiwa njano usikimbilie mbolea, shika jani kwanza

Wakulima wangu wa michungwa huku milimani Lushoto, hili nalirudia maana linawamaliza hela: mti ukigeuka njano mnasema "una njaa", mnanunua busta, mnapuliza miezi na miezi, na muda wote huo mti ni mgonjwa wa grining na kidudu kinachofyonza majani kinaupeleka ugonjwa mti wa jirani.

Njano ya upungufu wa zinki ina mpangilio, mishipa inabaki kijani na katikati yake njano, na upande wa kushoto wa jani unafanana na wa kulia. Grining haina mpangilio, ni mabaka yanayovuka mishipa, upande huu baka kubwa, upande wa pili karibu hakuna. Chuma jani lililokomaa, sio chipukizi jamani, chora kwa kalamu miduara miwili ya ukubwa wa shilingi mia, mmoja kila upande wa mshipa wa kati, mkabala kabisa, halafu linganisha rangi ndani yake. Fanya hivyo kwa majani 10 ya tawi lililoanza kuumwa. Mnaniletea jani moja mmechuma mkipita njiani, jani moja halitoshi!

Kuna mkulima aliniita mwaka jana, majani ya juu kabisa yalikuwa na sura ya zinki hasa, ndo maana alikuwa ameshapuliza mara nne. Mti wenye grining chakula hakipiti vizuri, kwa hiyo majani yake mapya yanaonyesha njaa ya zinki hata mbolea ikiwepo. Tulishuka kwenye majani ya zamani ya tawi lilelile, majani 7 kati ya 10 yalikuwa na mabaka ya upande mmoja. Tukachuma chungwa dogo lililopinda, limeanza kuiva kwenye kikonyo huku kitako bado kijani, tukalipasua kuanzia kikonyo hadi kitako: moyo wa katikati umepinda, mbegu zimesinyaa zina rangi ya kahawia. Zinki peke yake haikupindishii moyo wa chungwa.

Ukibaki na shaka, puliza zinki MARA MOJA tu, gramu 100 za zinki salfeti na gramu 50 za chokaa iliyozimwa kwa bomba la lita 20, pima kwa mzani sio kwa kiganja maana ikizidi inaunguza majani. Puliza machipukizi yakifika theluthi mbili ya ukubwa wake. Yakitoka kijani ilikuwa njaa tu.

Majani ya zamani yakiendelea na mabaka ya upande mmoja, acha kununua mbolea, mti huo hauna dawa. Usichukue vikonyo vya kubebeshea hapo hata kama ulikuwa unazaa sana. Puliza kwanza dawa ya wadudu, ndipo uukate na kung'oa kisiki, ukikata bila kupuliza wale wadudu wanahamia miti iliyobaki, na kisiki ukikiacha kinachipua majani yenye ugonjwa uleule.