Somo: Tangazo moja la faida na maumbo matatu ya ufanisi wa soko

Nimesahihisha jaribio la Jumamosi la darasa letu la jioni hapa Moshi, na kosa lililojirudia kwenye karatasi nyingi ni moja. Swali lilimhusu meneja wa fedha aliyenunua hisa za kampuni yake siku mbili kabla faida haijatangazwa, akazichuma fedha. Wengi mkajibu kwamba soko hilo halina ufanisi hata katika umbo dhaifu. Jibu hilo si sahihi, na aliyekariri fasili tatu bila kupima zinavyoingiana atalikosea tena kwenye mtihani. Tulifuate jambo hili kwa hatua, tukitumia tangazo moja tu.

Hatua ya 1: Uliza ni taarifa gani iliyotumika

Katika makala yake ya mwaka 1970, Eugene Fama aliyapanga maumbo haya kwa kuangalia taarifa ambazo tayari zimo ndani ya bei. Katika umbo dhaifu, bei ya leo imekwisha kubeba yote yaliyomo katika bei zilizopita. Katika umbo nusu imara, imebeba pia taarifa zote zilizo wazi kwa umma, kama hesabu za kampuni, matangazo ya gawio na habari za magazetini. Katika umbo imara, imebeba hata zile zinazojulikana na watu wachache ndani ya kampuni.

Maumbo haya yanaingiana kama sufuria za seti moja, ndogo ikikaa ndani ya kubwa. Bei zilizopita ni sehemu ya taarifa za umma, kwa hiyo mkakati unaoleta faida isiyo ya kawaida kwa kutazama bei zilizopita peke yake unayapinga maumbo yote matatu kwa pamoja. Mkakati unaohitaji siri ya kikao cha bodi unalipinga umbo imara peke yake, na mengine mawili hayaguswi. Hapo ndipo meneja wetu anapoangukia.

Hatua ya 2: Lipange tukio kwa siku zake

Tuchukue kampuni ya saruji ya kubuni. Jumatatu bodi inapitisha hesabu zinazoonyesha faida kubwa kuliko wawekezaji walivyotarajia, na hisa inauzwa shilingi 1,000. Kufikia Jumatano jioni ni shilingi 1,020. Alhamisi asubuhi hesabu zinatangazwa, na siku hiyo bei inafunga kwa shilingi 1,080. Baada ya siku 60 za biashara, bila habari nyingine kuhusu kampuni, imefika takriban shilingi 1,166.

Mruko wa Alhamisi ndio unaowachanganya watu. Bei ikiruka mara tu habari inapotoka, umbo nusu imara limeungwa mkono, kwa sababu habari ya umma imeingia katika bei upesi. Mruko huohuo unalipinga umbo imara: wajumbe wa bodi waliijua habari tangu Jumatatu, na kama bei ingekuwa imekwisha kuibeba, pasingekuwa na cha kuirusha siku ya tangazo. Tukio moja linaweza kuunga mkono umbo moja na kupinga jingine, na mtahini hupenda sana kuuliza hapo.

Kipande cha baada ya Alhamisi ni kisa kingine. Bei ikiendelea kupanda polepole kwa siku 60 kuelekea upande uleule wa habari, mtu aliyesoma gazeti na kununua Ijumaa amefaidi kwa taarifa ambayo kila mtu anayo. Hilo, likithibitika, linalipinga umbo nusu imara. Mwelekeo wa namna hii uligunduliwa na Ball na Brown katika utafiti wao wa mwaka 1968, na watafiti wa baadaye wameuona tena mara nyingi.

Kwa umbo dhaifu tangazo halituhusu. Tunatazama bei tupu. Ushahidi unaotajwa zaidi dhidi ya umbo hili ni wa Jegadeesh na Titman, mwaka 1993, katika soko la Marekani: waliotazama hisa zilizopanda zaidi katika miezi 3 hadi 12 iliyopita, wakazinunua na kuuza zile zilizoshuka zaidi, walipata faida isiyoelezeka kwa urahisi katika miezi iliyofuata.

Hatua ya 3: Ondoa yasiyo ya mkakati

Aliyenunua kwa 1,080 na kuuza kwa 1,166 amepata asilimia 8. Tuseme soko zima lilipanda asilimia 3 katika muda huo. Kilichobaki ni asilimia 5. Tuseme tena dalali na ada nyingine vinachukua asilimia 2 wakati wa kununua na asilimia 2 wakati wa kuuza. Inabaki takriban asilimia 1. Na hiyo moja inaweza kuwa malipo ya hatari tu, endapo hisa ya saruji huyumba kuliko soko. Tangazo moja halitoshi. Inabidi kukusanya mengi na kutafuta wastani wake.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kuna mtego zaidi. Baadhi ya hisa hukaa siku kadhaa bila kununuliwa, na bei ya kufunga inayoandikwa ni ya biashara ya mwisho. Habari ikitoka, hisa zinazouzwa kila siku husogea kwanza na nyingine hufuata siku zitakapouzwa, hivyo faharisi ya soko huonekana kana kwamba jana yake inatabiri leo yake. Huo si ushahidi dhidi ya umbo dhaifu, maana kwa bei ile ya zamani hapana mtu ambaye angekuuzia. Kabla ya kuamini hesabu yako, tazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, uone kama siku hiyo ina sifuri.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Sakina, Arusha:* Shikamoo Mwalimu. Na ule upandaji kutoka 1,000 hadi 1,020 kabla ya tangazo, unapinga umbo lipi?

*Jibu:* Marahaba. Peke yake haupingi lolote. Ikiwa siri ilivuja, ni kwamba bei ilianza kuibeba kabla ya tangazo, na hiyo ni hatua kuelekea umbo imara, ingawa sehemu kubwa ya habari ilibaki nje hadi Alhamisi. Kwamba biashara ya namna hiyo inakatazwa na Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 ni suala la sheria. Halibadilishi jibu la ufanisi.

*Mwanachama, Majengo, Moshi:* Mwalimu, shemeji yangu amebashiri hisa vizuri mara kumi mfululizo kwa kutazama chati. Umbo dhaifu bado limesimama?

*Jibu:* Watu 1,024 wakirusha sarafu mara kumi, kwa wastani mmoja wao atapatia zote kumi. Mwombe shemeji aandike kanuni yake leo, kabla ya bei za kesho, kisha tuipime pamoja na gharama.

*Mwanachama, Kibosho:* Kama bei ya kahawa kwenye mnada wa hapa Moshi ingefuata ile ya Nyuyoki kwa kuchelewa siku chache, tungesema umbo dhaifu limevunjika?

*Jibu:* Hapana, kwa sababu bei ya Nyuyoki si bei iliyopita ya mnada wetu. Ni taarifa ya umma kutoka soko jingine, kwa hiyo kinachotiliwa shaka ni umbo nusu imara. Hata hapo, onyesha kwanza kwamba mnunuzi angeweza kununua shehena, kuihifadhi na kuiuza tena huku faida ikibaki baada ya ghala, usafiri na riba ya mkopo.