Kabla hujaenda kwa mteja kukagua hasara ya mikopo inayotarajiwa

Chukua kampuni inayokopesha pikipiki za bodaboda. Inafunga hesabu Desemba 31, wewe unaingia ofisini kwao Februari. Mhasibu atakupokea na faili la Excel lenye karatasi kumi na nne, na ukianzia humo umekwisha kuingia kwenye mawazo yake. Kuna mambo ya kumaliza kabla.

La kwanza ni makadirio ya mwaka jana. Mikopo iliyokuwa Hatua ya Pili, yaani ile ambayo hatari yake imepanda sana tangu ilipotolewa lakini bado haijawa chechefu, ilikuwa shilingi milioni 600. Menejimenti ilisema asilimia 20 ya wakopaji watashindwa kulipa, na kwa kila atakayeshindwa kampuni itapoteza asilimia 45 baada ya kukamata na kuuza pikipiki. Zidisha: milioni 54. Sasa ifuatilie mikopo hiyohiyo, mmoja mmoja, uone ilikoishia. Tuseme asilimia 31 walishindwa, na pikipiki zilipouzwa hasara ikawa asilimia 60. Hiyo ni milioni 111.6, tena ndani ya miezi 12 tu, wakati Hatua ya Pili hukadiriwa kwa muda wote uliobaki wa mkopo. Usikimbilie kusema mwaka jana walikosea; yawezekana walitumia vizuri walichokijua wakati ule. Unachotafuta ni kujua wamejifunza nini mwaka huu.

La pili, omba orodha ya mikopo moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa mikopo, si ile iliyopita kwa mhasibu, na ujumla wake uulinganishe na leja kuu. Kisha ipange kwa siku za kuchelewa. IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mikopo kama hii, inachukulia kwamba mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 hatari yake imepanda, isipokuwa kampuni ithibitishe vinginevyo. Ukiona mikopo imerundikana siku 27, 28 na 29, halafu 31 hadi 35 pametulia ghafla, jua pana mkono wa mtu. Mara nyingi utaukuta kwenye mikopo iliyopangiwa ratiba upya. Mkopaji hajalipa tangu Septemba, taarifa ya malipo ya simu inaonyesha hivyo, lakini Desemba 29 ametengenezewa ratiba mpya na siku zake za kuchelewa zimerudi sifuri. Kwa hiyo dai safu ya tarehe ya ratiba mpya. Wakikwambia mfumo hauna safu hiyo, omba ratiba za malipo za Novemba na Desemba uzilinganishe mwenyewe. Inachosha, lakini hapa ndipo mengi hujificha, kuliko kwenye fomula.

La tatu ndilo gumu. Andika kila dhana iliyobadilika tangu mwaka jana, na pembeni yake mshale: imepandisha hasara au imeishusha? Katika mfano wetu Hatua ya Pili imekua hadi milioni 700. Menejimenti sasa inasema watakaoshindwa ni asilimia 16 na hasara baada ya mauzo ni asilimia 40, hivyo imetenga milioni 44.8. Mikopo imeongezeka, kilichotengwa kimepungua, na yaliyotokea mwaka mzima yalikwenda kinyume. Kila badiliko lina maelezo yake: timu ya ufuatiliaji imeimarishwa, yadi mpya inauza haraka. Ukiyapima moja moja unaweza kuyameza yote. Mishale ikielekea upande mmoja, uliza upande huo unamfaa nani. Hapa faida kabla ya kodi ni milioni 38, na mkataba na benki inayowakopesha unawataka wasipate hasara.

Ndiyo maana ni vizuri kuwa na kiwango chako cha chini na cha juu kabla hujasikia maelezo. Tuseme wastani wa miaka mitatu unakupa asilimia 25 na 50, yaani milioni 87.5; uzoefu wa mwaka uliopita unakupa milioni 130.2. Namba ya menejimenti iko nje. ISA 540, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa makadirio, inasema kosa ni tofauti hadi ncha iliyo karibu zaidi, kwa hiyo ni milioni 42.7, na faida imegeuka hasara.

Hata wakikubali kurekebisha, ile mishale haifutiki. Iandike kwenye faili, kisha rudi kwenye makadirio mengine ya watu haohao, kama muda wa matumizi wa mali na madeni ya kesi, utazame kama nayo yameinamia upande uleule. Ukipata ushahidi kwamba walikusudia kupotosha, hilo si suala la makadirio tena, ni udanganyifu, na maelezo mengine waliyokupa yanahitaji kupimwa upya.