Jinsi ya Kuchagua Kitambaa cha Kaptura za Shule: Kifue Kwanza, Kisha Ukihukumu

Mwanzoni mwa mwaka jana kamati ya wazazi wa shule moja ya msingi hapa Kisumu iliniletea vipande vitatu vya kitambaa cha rangi ya samawati iliyoiva, ikitaka nichague kimoja cha kushonea kaptura za wavulana wa darasa la kwanza hadi la sita. Mama mmoja wa kamati alikishika kile cha kwanza, akakipima kwa kiganja, akasema, "Fundi, hiki ndicho. Kizito, na kimekakamaa vizuri." Nikamjibu, "Mama, nipe wiki mbili nikifue, kisha tukishike tena."

Nilimjibu hivyo kwa sababu kitambaa kinachoonyeshwa dukani sicho kitambaa atakachovaa mtoto. Cha dukani kimepakwa wanga na dawa nyingine za kiwandani zinazokifanya kiwe kizito, laini au chenye kung'aa, na sehemu kubwa ya vitu hivyo huondoka katika beseni siku za kwanza. Mtoto mwenye kaptura moja inayofuliwa mara tatu kwa wiki huifua karibu mara 40 katika muhula wa wiki 13. Kwa hiyo hatua zote zifuatazo, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, hutegemea kitambaa kilichokwisha kufuliwa.

Hatua ya 1: Nunua nusu mita ya kila kitambaa

Usikubali kile kipande kidogo cha mfano kinachobandikwa kwenye kadi, kwani hakitoshi kupimwa. Nusu mita ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa miraba mitatu ya sentimita 50 kwa 50. Mraba wa kwanza uweke kando bila kuufua, uandike tarehe, na umwombe mwenye duka autie sahihi. Utauhitaji siku ya kupokea mzigo. Wa pili ni wa kufuliwa na kupimwa, na wa tatu ufuliwe pia, kisha ukatwekatwe kwa majaribio mengine.

Ukiwa dukani, uliza upana kabla ya kuuliza bei. Tuseme kitambaa kimoja ni shilingi 300 kwa mita na upana wake ni sentimita 150, na kingine ni shilingi 260 lakini upana wake ni sentimita 115 tu. Cha kwanza ni shilingi 200 kwa mita ya mraba, na cha pili ni zaidi ya 225, kwa hiyo kile kinachoonekana rahisi ndicho ghali. Tazama pia kichwa cha jora, ambapo viwanda vingi huandika mchanganyiko wa nyuzi.

Hatua ya 2: Pima, fua, pima tena

Hapa ndipo penye kazi, na ukikosa muda wa hatua nyingine zote, usiiache hii.

Pima uzito wa mraba wa pili kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ukizidisha jibu kwa nne utapata uzito wa mita moja ya mraba. Kisha chora katikati yake mraba mdogo wa sentimita 40 kila upande kwa kalamu isiyofutika, ukiweka mshale kufuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora. Nyuzi zinazokatiza ni mshindio, na hizi mbili hazirudi kwa kiasi kimoja.

Sasa fua kama nyumbani: kipande cha sabuni ya mche, kusugua kwa mikono, kusuuza mara mbili, kukamua na kuanika juani. Rudia mara tano, ukiacha kikauke kabisa kila mara. Unapopima tena, pima vitambaa vyote saa ileile ya siku, maana pamba hunywa unyevu wa hewa na asubuhi za pwani ya ziwa zinaweza kuongeza gramu ambazo si za kitambaa.

Matokeo yetu yalikuwa hivi. Kitambaa cha kwanza, kile alichokipenda mama, kilikuwa na gramu 62 kabla ya kufuliwa na 54 baada yake. Gramu nane zilikuwa wanga na dawa za kiwandani. Cha pili kilitoka 56 hadi 55. Cha tatu hakikubadilika, kilibaki 50. Kile "kizito" kikawa chepesi kuliko cha pili kwa gramu moja, na ule ukakamavu ukaisha katika ufuaji wa pili.

Tulipopima mistari, kitambaa cha kwanza kilikuwa kimerudi upande wa mtande kutoka sentimita 40 hadi 38, ambayo ni asilimia 5. Cha pili kilirudi hadi 39.4, na cha tatu hakikurudi. Watu hudhani hasara ya kurudi ni kaptura kuwa fupi tu, na mtoto akiongezewa upindo mambo yamekwisha. Si hivyo. Mtande ndio unaopanda kutoka gotini hadi kiunoni, kwa hiyo kina cha kaptura, yaani pale kiunoni hadi kwenye msamba, hupungua pia. Kina cha sentimita 24 hupoteza sentimita 1.2 mbele na zaidi kidogo nyuma, na upindo hauwezi kurudisha nafasi hiyo. Mtoto akichuchumaa kucheza bano, mshono wa makalioni hubeba mvuto wote. Kaptura nyingi ninazoletewa kushonwa upya zimepasuka hapo, na mara nyingi uzi wa cherehani hulaumiwa bure.

Ninakubali kitambaa kinachorudi hadi asilimia 2. Zaidi ya hapo, ama jora lote lilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kazi ambayo hakuna fundi wa shule nzima atakayeifanya kwa bei ya kawaida, ama kitambaa kiachwe.

Hatua ya 3: Jua nyuzi zilizomo

Chomoa nyuzi chache za mtande na za mshindio, uzishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Viskosi huwaka vivyo hivyo, ndiyo maana watu huichanganya na pamba, lakini ukiilowesha uzi wake hukatika kwa urahisi kuliko ukiwa mkavu, ilhali uzi wa pamba haudhoofiki ukilowa. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na kuacha shanga nyeusi ngumu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta huwaka na kuacha kidonge kinachovunjika ukikifinya. Jaribio hili halikupi asilimia. Linakuambia tu kama muuzaji amesema kweli.

Kisha dondosha tone la maji juu ya kitambaa kilichofuliwa. Usifanye hivi kwenye kitambaa kipya, kwani dawa za kiwandani huweza kuzuia maji hata juu ya pamba tupu. Kitambaa cha kwanza na cha pili, ambavyo vyote vilikuwa mchanganyiko, vilinyonya tone baada ya sekunde chache. Cha tatu kilikuwa poliesta tupu, na tone lilikaa juu yake kama juu ya jani la myugwa. Hiki ndicho kilichokuwa na bei ya chini, hakirudi, na rangi yake haiondoki. Ningekuwa nashonea mabegi ningekichukua. Lakini darasa lenye paa la mabati karibu na ziwa, saa nane mchana, jasho lisilo na pa kwenda hubaki kati ya nguo na mapaja, na mtoto huchubuka. Nakuru, ambako asubuhi ni baridi, kosa hili lingevumilika zaidi.

Kwa kaptura, mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 ndio ninaouchagua, kwa sababu poliesta hubeba msuguano na pamba hubeba jasho. Shati ni habari nyingine: halisuguliwi sakafuni, kwa hiyo pamba inaweza kufika nusu au zaidi, na uzito wa gramu 110 hadi 120 kwa mita ya mraba unatosha.

Hatua ya 4: Sugua

Angalia kwanza ufumaji. Kwa kaptura, tafuta msuko wa mshazari, ule wenye mistari midogo inayopanda kwa upande kama kwenye kaki, uliobanana kiasi kwamba ukiuinua juani hauoni vitundu vya mwanga.

Funga kipande kilicholoweshwa kwenye kigogo cha mbao, ukisugue juu ya sakafu ya saruji mara 50. Mtu yuleyule asugue vitambaa vyote ili nguvu iwe ileile. Kitambaa cha kwanza kilikatika nyuzi za mtande kabla ya mara 40. Cha pili kilibaki kizima, ila kilipauka kidogo kwenye ukingo. Mpauko huo una sababu yake: katika mchanganyiko, pamba husagika mapema na poliesta hubaki, na kama kiwanda kilitia rangi nyuzi mbili hizo kwa viwango tofauti, sehemu iliyosuguliwa huonekana ya rangi nyingine. Mpauko mdogo si ubovu, lakini ukionekana mwingi baada ya mara 50 tu, kaptura zitakuwa na mabaka magotini na makalioni kabla ya muhula kwisha.

Mwisho, shona vipande viwili pamoja ukiacha sentimita moja ya mshono, uvute kwa mikono miwili. Kama nyuzi zinateleza na kuacha pengo kando ya mshono, hakuna kushona mara mbili kutakakoponya. Kitambaa kimefumwa kilegevu.

Hatua ya 5: Rangi

Sugua kitambaa kilicholowa kwa kitambaa cheupe cha pamba, kwa kuwa kaptura itafuliwa beseni moja na shati jeupe katika nyumba nyingi. Kisha funika nusu ya kipande kwa kadibodi, ukiache juani wiki mbili. Cha kwanza kilichuja, na nusu iliyopigwa na jua ikaelekea zambarau. Cha pili kilikuwa na tofauti ya kutafutwa.

Hatua ya 6: Kupokea mzigo

Kamati ilichukua cha pili, kwa bei iliyozidi cha kwanza kwa shilingi 40 kwa mita. Siku majora yalipofika, nilikata kipande kwenye kichwa cha kila moja na kukilinganisha nje, kwenye mwanga wa jua, na ule mraba wenye sahihi. Katika majora kumi na moja, mawili yalikuwa na rangi iliyoelekea kijani. Moja nililipima kwa mizani nikalikuta na uzito sawa na mengine, kwa hiyo ilikuwa tofauti ya mpishi wa rangi kiwandani na si kitambaa kingine. Mwenye duka alibadilisha moja; lile jingine tulilitumia kwa darasa la sita peke yake, kila kaptura ikikatwa mbele na nyuma kutoka jora hilohilo.