Kosa lako la lugha linachekesha, tatizo ni unavyolisimulia

Nina kosa moja la Kichina ambalo nimelisimulia mara nyingi mno, na zile za mwanzo watu walicheka kwa heshima tu, mtu anatabasamu kidogo afu anarudi kwenye simu yake. Kosa lenyewe tamu, ila nilikuwa naliua kwa maelezo. Nilivyolitengeneza ni hivi.

Hatua ya 1: liandike siku hiyohiyo

Mistari mitatu inatosha: ulitaka kusema nini, mdomoni kilitoka nini, na mwenzako alifanya nini. Hicho cha tatu ndo watu wanakisahau. Mimi niliandika "mwalimu kavua miwani" bila kufikiria sana, na leo hiyo miwani ndo imebeba stori nzima. Ukisubiri wiki mbili utakumbuka aibu yako tu, miwani huna.

Hatua ya 2: jua kosa lilitokeaje

Hapa muulize mwenye lugha yake alisikia nini hasa, usikisie. Mimi nilitaka kusema *wǒ xiǎng wèn nǐ*, yani nataka kukuuliza. Hilo *wèn* sauti inatakiwa ishuke kwa nguvu, mimi nikaipandisha, kwa sababu sisi tukiuliza kitu sauti inapanda, mdomo ukaenda wenyewe kule ulikozoea. Sasa kuna neno jingine, *wěn*, kubusu, ambalo peke yake linasemwa na sauti ya chini, ila likikaa mbele ya *nǐ* linageuka na lenyewe linapanda. Kwa hiyo nilichotamka kilikuwa "nataka kukubusu" safi kabisa, tena kwa sauti ya kujiamini.

Umeelewa? Vizuri, sasa msikilizaji asipewe hata robo ya hayo. Wewe unayajua ili uchague kipande kimoja cha kumpa.

Hatua ya 3: panda mbegu mapema, na upande nusu tu

Hapa ndo stori nyingi zinafia. Ukieleza mwishoni ("sasa hilo neno kumbe lina maana ya…") kicheko kimeshapita, umebaki unafundisha. Ukieleza yote mwanzoni nako, mtu anaona mwisho kabla hujafika. Dawa yake ni kumpa kanuni na kumficha maana ya pili. Mimi natumia mfano ambao kila mtu anao kichwani: barabara. Ukikaza sauti kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, ukiikaza kwenye ya pili ni sawasawa. Nasema Kichina chote kiko hivyo, napita haraka, siongezi kitu. Busu silitaji kabisa.

Na kama kosa lako linahitaji maneno matatu yaelezwe ndo lieleweke, liache, wasimulie wanafunzi wenzako wa hiyo lugha. Kwa wengine halitafika.

Hatua ya 4: onesha ulivyokuwa na adabu

Kosa linachekesha zaidi kama nia ilikuwa njema na ulijiandaa. Toleo langu la zamani lilianza "siku moja nilimwambia mwalimu nataka kumbusu, hahaha", yani nimeanza na mwisho. La sasa ni hili:

"Unajua barabara na barabara? Kichina chote kiko hivyo. Basi mwalimu wangu mzee, mkali, darasa zima linamwogopa. Nina swali, nikakaa usiku mzima nafanya mazoezi ya sentensi moja ya heshima, nataka kukuuliza. Asubuhi nikanyoosha mkono, nikasimama, nikaisema yote bila kukwama. Darasa kimya. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Afu akanijibu taratibu, kama unavyoongea na mtoto: Swali, karibu. Busu, hapana."

Neno busu linatokea mara moja tu, karibu na mwisho kabisa, na linatoka mdomoni kwa mwalimu. Hivyo msikilizaji anaunganisha mwenyewe, ndo maana anacheka. Ukishafika kwenye "hapana" nyamaza. Usiseme "yani niliaibika!", wameshaiona aibu.

Hatua ya 5: angalia nani anachekwa

Achekwe ulimi wako. Ukianza kuigiza lafudhi ya mwalimu au kusema "lugha yao nayo ya ajabu" kicheko kinahama, mtu wa lugha hiyo akiwepo utamwona anaangalia pembeni. Na kama mwenzako siku ile aliumia kweli, hiyo haijawa stori bado, muulize kwanza.

Ukiwasimulia wanaojua Kichina ruka barabara yote, anza na mwalimu mkali. Wao ukitamka tu ile sentensi vibaya, kwa uso mkavu, wameshacheka kabla hujaigusa miwani.