Kumfundisha mwanafunzi asiyeona kuchora kikombe

Picha yangu ya kwanza ya kugusa niliitengeneza kwa uzi na gundi: kikombe, mdomo wake nikauchora kama yai, jinsi macho yanavyouona ukikitazama kutoka juu kidogo. Mwanafunzi akapitisha vidole, akauliza, "Mwalimu, mbona kikombe kimebonyea?" Alikuwa sahihi. Mkononi, mdomo wa kikombe ni duara.

Hatua ya 1: Ubao. Chukua kadibodi ngumu, uifunike kwa wavu wa dirishani. Kingo zizungushie utepe wa gundi, maana ncha za waya huchoma vidole. Weka karatasi nyembamba juu yake na uibane. Krayoni ikipita hapo huacha mstari wa vinundu ambao kidole kinausoma papo hapo. Karatasi nene huficha wavu, na penseli haiachi kitu cha kugusa.

Hatua ya 2: Kikombe chenyewe. Mpe akishike kwa mikono miwili kabla hujasema neno. Usimkamate mkono na kumburuta. Weka wako chini ya wake, vidole vyake vibaki huru. Kisha eleza ukimfuata: "Unaogusa sasa ni mdomo. Teremka ubavuni, unasikia unavyoingia ndani? Sasa umefika kwenye kitako." Maneno kama "hapa" na "pale" hayamsaidii kitu.

Hatua ya 3: Kukubaliana upande. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwambie: "Leo tunakichora kutoka ubavuni." Aegemeze kiganja ubavuni mwa kikombe, kisha alaze kidole juu ya mdomo: kutoka upande huo, mdomo ni mstari ulionyooka. Mwanafunzi mwingine atapenda kuchora duara la mdomo juu ya ubavu huo huo. Mwache, mradi aweze kueleza alichochagua.

Ukimwandalia mfano wa uzi na gundi, kama ule wangu wa kwanza, uwe na mistari michache. Tundu la mkono wa kikombe liwe pana kiasi cha ncha ya kidole kuingia, la sivyo litasomeka kama uvimbe. Gundi ikikauka, mpe mwenzako ambaye hajauona aukague akiwa amefumba macho. Usiukague mwenyewe; wewe unajua tayari ni kikombe.

Hatua ya 4: Kuchora. Bandika kibonge kidogo cha udongo wa kufinyangia pale anapoanzia. Kidole cha mkono mmoja kinabaki hapo huku mwingine ukichora, ili ajue pa kurudia kufunga umbo. Darasa liwe kimya kidogo, kwa sababu krayoni hukwaruza ikiwa juu ya wavu. Mkwaruzo ukififia, ama hakandamizi vya kutosha, ama ametoka nje ya wavu. Baada ya muda atajirekebisha kwa sikio kabla hujamwambia.

Hatua ya 5: Wenye uoni hafifu. Hawa wape kalamu nene nyeusi na karatasi ya njano isiyong'aa, na uwakalishe dirisha likiwa mgongoni. Wengine huinamia karatasi mpaka pua inakaribia kuigusa. Inua ubao kwa mshazari, usiwaambie wakae wima.